Duka lina faida, lakini mshahara wako uko wapi? Hesabu kamili ya mwenye duka anayeuza mwenyewe

Assalam aleikum, karibuni tena. Leo niko na kaunta buku, kalamu mbili na kikokotoo, na tunapiga hesabu ya duka la leso na madera. Hesabu hii ni yako wewe unayefungua mwenyewe, unayeuza mwenyewe na kufunga mwenyewe, na mwisho wa mwezi hakuna mahali popote ulipoandika mshahara wako. Nawaandikia watu vitabu vya hesabu hapa Mombasa, na kazi hii naipenda kweli. Daftari lililochapwa safu zote nauza pia, ila leo lako la kawaida linatosha. Chora mstari katikati ya ukurasa: kushoto andika "Pesa iliyotoka", kulia andika "Pesa niliyoiacha".

Tuchukue mfano. Dada ana duka Kisauni, amepanga, haendeshi na mtu. Kabla ya hapo alikuwa karani wa ofisi mjini, na kazi ya namna hiyo akiitaka leo anaipata. Mwezi mmoja mzuri ameuza 420,000.

Hatua ya kwanza ni bidhaa zilizouzwa. Bidhaa alizoanza nazo mwezi zilikuwa za 460,000, akanunua nyingine Biashara Street za 330,000, na siku ya mwisho akahesabu zilizobaki, 472,000. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu, unapata 318,000. Hiyo ndiyo gharama ya mali aliyouza. Toa kwenye mauzo, inabaki 102,000. Hapa sikai, wengi mnajua.

Ngoja, ngoja. Mwanangu, rudisha simu hapo kwenye rafu. Mnaiona lebo ya hiyo doti? Inasema 650. Hiyo ni bei ya kuuzia. Hapa dukani ilinunuliwa 490. Ukihesabu bidhaa zilizobaki, andika 490. Narudia kwa sababu hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika: zilizobaki unazihesabu kwa bei uliyonunulia. Ukiandika 650 umejipa faida ya leso ambayo bado imekunjwa kwenye rafu, na mwezi ujao itakutoka bila kujua imetokea wapi. Na madera yaliyopauka dirishani kwa jua, yale ambayo hata kwa bei ya kununulia hayatoki, yaandike kwa bei ambayo mteja atakupa kweli.

Haya, tuendelee. Gharama za mwezi: kodi ya duka 18,000, umeme 3,500, mchango wa mlinzi 1,500, tuktuk na mkokoteni 6,000, sehemu ya leseni ya kaunti 1,000. Halafu kodi ya mauzo ya KRA, asilimia 3 ya mauzo yote kwa biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Duka hili limo humo. Asilimia 3 ya 420,000 ni 12,600. Jumla ya gharama ni 42,600.

102,000 toa 42,600 ni 59,400. Zungushia duara. Hiyo ndiyo faida ya kihasibu, na ni ya kweli. Benki ikitaka kukukopesha itaiuliza hiyo.

Jambo moja kabla hatujavuka mstari. Pesa ulizochota kwenye droo kununua samaki, au ulizojitumia kutoka kwenye tili kulipa karo, si gharama za duka. Ni sehemu ya faida unayokula. Ukiziandika kama gharama utasema duka halina faida, kumbe limekulisha. Na dera uliyomtolea dada yako, iandike kwa bei ya kununulia kwenye ukurasa wa matumizi ya nyumbani, usiiache ipotee ndani ya zilizouzwa.

Sasa upande wa kulia, na hapa nawaomba tuende polepole.

Huyu dada hajajilipa, kwa hivyo kwenye kitabu kazi yake ni bure. Lakini saa zake zina bei, kwa sababu kuna mtu yuko tayari kuzinunua. Swali ni moja: kama asingekuwa dukani mwezi huu, angelipwa ngapi kwenye kazi bora ambayo angeipata kweli? Si kazi ya ndoto wala kazi ya shemeji yake Nairobi. Angerudi ofisini na kupokea mkononi, baada ya makato yote, 41,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ingemla 3,000. Andika 38,000.

Tahadhari ya kwanza: usiandike mshahara wa msaidizi wa duka. Utasikia watu wakisema, "Mimi nikiajiri mtu nitamlipa 20,000, basi mshahara wangu ni 20,000." Hapana. 20,000 ni bei ya mtu wa kuchukua nafasi yako kwenye kaunta. Unachokiacha wewe ni 38,000. Ni maswali mawili tofauti, na lile la msaidizi tutalifikia. Na usiandike zote mbili kwenye hesabu moja, maana hapo umejitoza mara mbili kwa kiti kimoja.

Tahadhari ya pili ni ya saa. Yeye anakaa dukani saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, siku sita, yaani saa 72 kwa wiki. Kanuni ya jumla ya mishahara ya Kenya inahesabu wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52. Zile 20 za ziada usizipigie bei ya ofisini kama hakuna mtu angekulipa kwa ajili yake. Lakini ziandike pembeni, kwa kalamu nyingine. Ni muda wa watoto na wa kupumzika, na wewe ndiye wa kuamua una thamani gani kwako.

Samahani, feni imefunua ukurasa... Haya, tumerudi. Tulikuwa 38,000.

Kinachofuata ni mtaji. Bidhaa za 472,000 na rafu na kaunta zinazoweza kuuzika 28,000, jumla nusu milioni, zote akiba yake. Angeiweka kwenye sacco au kwenye dhamana za serikali ingezaa. Tumia kiwango ambacho wewe mwenyewe unaweza kukipata sasa, baada ya kodi. Kwa mfano wetu tuseme asilimia 12 kwa mwaka: 60,000, ambayo ni 5,000 kwa mwezi. Ikiwa mtaji ni wa mkopo, riba unayolipa tayari iko kushoto, kwa hivyo kulia usiiandike tena. Na kama duka ni chumba cha mbele cha nyumba yenu, ambacho mpangaji angekilipia, basi kodi ile inahamia kulia. Chumba si bure kwa sababu ni cha kwenu.

59,400 toa 38,000, toa 5,000. Inabaki 16,400. Hiyo ndiyo faida ya kiuchumi. Maana yake, mwezi huu duka limempa shilingi 16,400 zaidi ya ambazo angepata kwa kufunga, kurudi ofisini na kuweka akiba yake izae. Ingetoka sifuri kamili pia si msiba: ingekuwa duka linamlipa sawasawa na njia yake nyingine.

Sasa tuone mwezi mkavu. Mauzo 300,000, bidhaa zilizouzwa 227,000, gharama 37,500 kwa sababu usafiri na kodi ya mauzo vimepungua. Faida ya kihasibu ni 35,500. Kitabu kinasema umepata. Toa 38,000 na 5,000, uko chini kwa 7,500. Pesa hazikuibiwa, duka halidaiwi. Ila mwezi ule kazi yake ililipwa pungufu, na droo haiwezi kumwambia hivyo.

Msifunge duka kwa sababu ya mwezi mmoja. Leso na madera huuzwa Ramadhani na kuelekea Idi, na Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Ukilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana unaweza kuwa unalinganisha mwezi wa sikukuu na mwezi mtupu. Linganisha Ramadhani na Ramadhani. Na uamuzi mkubwa ufanye kwa jumla ya miezi 12 upande wa kushoto na 12 upande wa kulia.

Na hii 38,000 isiende kwenye fomu za KRA. Kodi ya mauzo hutozwa kwenye mauzo yote, haiangalii gharama zako. Safu ya kulia ni ya macho yako. Wale ambao duka ni kampuni na mnajilipa mshahara halisi, tayari uko kushoto. Msiutoe tena kulia.

Sasa lile swali la msaidizi. 16,400 inalinganisha duka na kufunga duka. Lakini kuna njia ya tatu: yeye arudi ofisini na amwajiri mtu kwa 20,000. Mauzo yakibaki yale yale, duka linaleta 59,400 toa 20,000, yaani 39,400. Ongeza 38,000 ya ofisini, jumla 77,400. Kwa sasa akikaa mwenyewe ana 59,400. Tofauti ni 18,000 kila mwezi, na mtaji ni ule ule kote, ndiyo maana sijaugusa.

Lakini mauzo hayabaki yale yale. Wateja wengine wanamfuata yeye, anajua nani anapenda rangi gani, na bidhaa hupungua usipokuwepo. Kwa hivyo tutafute kiwango cha mauzo ambacho njia hizi mbili zinalipa sawa. Kwa kila shilingi 100 ya mauzo, baada ya bidhaa na kodi ya mauzo, duka hili linabaki na kama 21.3. Gawa 18,000 kwa 21.3, zidisha kwa 100, unapata mauzo ya karibu 85,000. Maana yake msaidizi akiuza 335,000 badala ya 420,000, mambo yako sawa. Akiuza zaidi ya hapo na bidhaa zikatimia, kuajiri kunalipa. Akiuza chini ya hapo, au leso zikaanza kukosekana, kukaa kwake mwenyewe kaunta ndiko kunakoleta zaidi.

Mjaribuni mtu huyo mwezi wa kawaida, si Ramadhani, na hesabuni rafu siku anayoanza na siku anayomaliza, kwa bei ya kununulia. Lebo msiziangalie.