Jina la Kijapani Linasomwaje? Muulize Mwenyewe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mnasomea ukalimani, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye karatasi ambayo siku moja mtakabidhiwa: orodha ya wageni kutoka Japani, imeandikwa kwa kanji tupu, yaani zile herufi zenye asili ya China, na mshereheshaji anataka umwandikie namna ya kuyasoma majina. Mstari wa kwanza una jina hili: 中島裕子.

Herufi mbili za kwanza ni jina la ukoo, maana Wajapani hutanguliza ukoo. Hapo tayari pana njia panda. Kuna mwanamuziki mashuhuri aitwaye Nakajima Miyuki, na mwingine, mashuhuri vilevile, aitwaye Nakashima Mika. Ukoo wa wote wawili huandikwa 中島, bila alama hata moja ya kumtofautisha huyu na yule.

Tuje kwenye jina lake mwenyewe, 裕子. Hiyo 子 ya mwisho inasomwa “ko”, haina taabu. Taabu iko kwenye 裕. Mfalme Hirohito aliandika jina lake kwa herufi hiyo, ikasomwa “hiro”. Mwigizaji Ishihara Yuujiroo naye anayo, ila kwake inasomwa “yuu”. Basi mgeni wetu anaweza kuwa Hiroko, anaweza kuwa Yuuko. Ukiunganisha na ukoo, una majina manne yanayowezekana, na yote manne ni ya kawaida kabisa. Kamusi itakupa yote. Haitakuambia lipi ni lake.

Chanzo ni historia. Herufi zilitoka China, na Wajapani wakazipokea kwa namna mbili: walichukua sauti ya Kichina, na papo hapo wakaitumia herufi hiyohiyo kuandika neno lao lenye maana ileile. Kwenye majina ya watu ziliongezeka sauti nyingine ambazo huzikuti katika maandishi ya kawaida. Sheria iliweka mipaka ya herufi ambazo mzazi anaruhusiwa kumpa mtoto, lakini kwa miaka mingi haikugusa namna ya kuzisoma.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hata daftari la familia la serikali, liitwalo koseki, halikuwa na mahali pa kuandika matamshi. Lilihifadhi herufi tu. Hilo limebadilika tarehe 26 Mei 2025, sheria mpya ilipoanza kutumika. Manispaa zilituma barua nyumbani kwa watu, zikiwaeleza matamshi ambayo ofisi inadhani ni yao. Aliyeona kosa alipewa hadi tarehe 25 Mei 2026 kulisahihisha. Yaani serikali yenyewe, pamoja na rekodi zake zote, ililazimika kumwuliza mwenye jina.

Sasa wewe na orodha yako ufanyeje? Tafuta kwanza furigana, zile kana ndogo, yaani herufi za Kijapani zinazoonyesha sauti tu, zinazoandikwa juu au pembeni ya kanji; fomu za Kijapani huwa na nafasi yake maalumu. Ukipata kadi ya mgeni, igeuze, mara nyingi upande wa pili una herufi za Kilatini. Usitegemee kunakili jina na kulibandika kwenye kompyuta likusomee. Ni kweli aliyeliandika alichapa sauti kwanza, lakini ukinakili kanji ile sauti haiji nayo, na programu hukisia usomaji uliozoeleka zaidi. Ukikosa vyote, mwulize jina lake linasomwaje: “Onamae wa nan to oyomi shimasu ka?” Hakuna atakayekuona mshamba, Wajapani huulizana hivyohivyo kila siku. Akijibu, liandike kwa kana, kisha umsomee alisikie.

Pasipoti nayo inasaidia, lakini si kwa kila kitu. Itakuambia kama ni Hiroko au Yuuko, ila kwa kawaida haionyeshi irabu ndefu. Ukoo wa 大野 ni Oono, wa 小野 ni Ono, na kwenye pasipoti wote wawili kwa kawaida huandikwa ONO. Wapo wanaoomba waandikwe OHNO ili wasichanganywe. Kwa hiyo hata ukiwa na pasipoti mkononi, urefu wa irabu bado unauulizia.

Nimeona mkono pale nyuma... Ndiyo, swali zuri: na aliyekwisha kufariki je? Hapo hakuna wa kumwuliza. Waziri mkuu 原敬, aliyeuawa mwaka 1921, yumo kwenye orodha ya serikali kama Hara Takashi. Lakini vitabu vingi humwita Hara Kei, kwa sababu kulikuwa na desturi ya kumsoma mtu mashuhuri kwa sauti ya Kichina ya herufi zake. Kwa watu wa namna hiyo, angalia Maktaba ya Bunge la Japani, ambayo huandika usomaji pamoja na jina, na ukitafuta kwenye maktaba nyingine jaribu matamshi yote mawili.