Odi si uwezekano

Ndugu mwenyekiti, wanafunzi, na ninyi mliofuata chai, karibuni. Wanaonijua wanajua nitakachosema. Nitakisema tena, kwa sababu juzi nimesahihisha tasnifu nyingine iliyodai "uwezekano umeongezeka maradufu", kumbe kilichoongezeka maradufu ni odi.

Chukueni Challenger, chombo cha anga cha Marekani. Januari 28, 1986, chombo kile kiliruka asubuhi ya baridi, nyuzi kama 31 za Farenhaiti, kikasambaratika baada ya sekunde 73. Chanzo kilikuwa pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi za pembeni. Zilikuwapo safari 23 za nyuma ambazo pete zake zilikaguliwa, na katika 7 zilikutwa zimeathirika. Andika 1 penye athari na 0 pasipo, kisha pitisha mstari ulionyooka kwa kufuata jotoridi. Kwenye nyuzi 31 mstari unakupa karibu 1.75, na kwenye 81, siku yenye joto kuliko zote, unakupa hasi 0.12. Asilimia 175! Hata mpiga ramli hathubutu.

Mstari hauna breki, ilhali uwezekano umefungiwa kati ya 0 na 1. Dawa yake ni kuutoa uwezekano kifungoni. Gawa uwezekano wa kutokea kwa uwezekano wa kutotokea, upate odi. Uwezekano wa 0.8 ni odi ya 4, na wa 0.2 ni odi ya robo. Ukuta wa juu umevunjika, wa chini bado upo kwenye sifuri. Sasa chukua logi asilia: 4 inakuwa 1.39, robo inakuwa hasi 1.39. Nusu kwa nusu inakaa sifuri, na pande zote mbili ziko wazi. Hiyo ndiyo logiti, na huko mstari unaweza kwenda utakako.

Naona kijana kule nyuma anatabasamu, anadhani odi anazijua kwa sababu anabeti. Odi ya 3.00 kwenye mkeka wako, mwanangu, maana yake ukiweka elfu moja unalipwa elfu tatu, na ile yako imo humo humo. Ukisahau faida ya kampuni, huo ni uwezekano wa theluthi moja, ambao kwetu ni odi ya 0.5. Neno moja, hesabu mbili. Mkeka ukichanika usinilaumu mimi.

Turudi kwenye pete. Rigresheni ya lojistiki, yaani kuupitisha mstari kwenye logiti badala ya kwenye uwezekano wenyewe, juu ya safari zile 23 inatoa hivi, T ikiwa jotoridi:

```
z = 15.043 - 0.2322 * T
p = 1 / (1 + exp(-z))
```

Mstari wa kwanza ni logiti. Wa pili ni sigmoidi, njia ya kurudi nyumbani: ipe namba yoyote, itakurudishia uwezekano.

Hapa sasa ndipo ugomvi wangu na ile tasnifu ulipo. Joto likishuka nyuzi moja, z inapanda 0.2322, na odi inazidishwa kwa takriban 1.26, popote ulipo. Lakini uwezekano je? Ukitoka nyuzi 66 kwenda 65, odi inapanda kutoka 0.75 hadi 0.95, na uwezekano kutoka 0.43 hadi 0.49, karibu pointi sita. Ukitoka 53 kwenda 52, odi inapanda kutoka 15.4 hadi 19.5, lakini uwezekano kutoka 0.94 hadi 0.95 tu. Kizidisho ni kilekile, kishindo ni tofauti. Sigmoidi ina mwinuko mkali katikati na inalala kwenye ncha. Kwa hiyo mtu akiniambia "baridi ya nyuzi moja inaongeza uwezekano kwa asilimia 26", namuuliza: kuanzia wapi? Hana jibu, maana hakuuliza swali hilo mwenyewe.

Mtasema tukio likiwa adimu, odi na uwezekano hukaribiana. Kweli. Uwezekano wa 0.01 ni odi ya 0.0101. Lakini safari 7 kati ya 23 si adimu, jamani.

Na kwenye nyuzi 31? z ni 7.85, odi kama 2,550, uwezekano 0.9996. Msishangilie. Safari ya baridi kuliko zote kabla ya siku ile ilikuwa ya nyuzi 53. Chini ya hapo sigmoidi inakisia tu, kwa kujiamini kupita kiasi. Tena huo ni uwezekano wa pete kuathirika, si wa chombo kusambaratika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kufika kwenye makadirio ya vigezo, basi tena. La mwisho kwa waandika programu: z ikiwa hasi 1000, `math.exp(-z)` ya Python inagoma kwa `OverflowError`. Penye z hasi andikeni `math.exp(z) / (1 + math.exp(z))`. Ni sigmoidi ileile, ila haigomi. Haya, chai.