Antivairasi au kizuia matangazo: kipi kinachelewesha kurasa?

Simu yako inafungua ukurasa upesi, kompyuta iliyo kwenye waifai hiyohiyo inasuasua. Hapo nashuku vitu viwili: antivairasi inayokagua kurasa, na kizuia matangazo. Tutasimamisha kimoja kimoja, tupime.

Fungua Chrome, kisha tovuti ya habari yenye picha nyingi. Bonyeza F12, ingia Network, weka tiki kwenye Disable cache. Bila tiki hiyo kivinjari kitatumia nakala kilizohifadhi, na vipimo vitakudanganya. Sasa bonyeza Ctrl+R. Tazama chini kabisa, palipoandikwa Load. Usiangalie Finish, maana huendelea kupanda kadiri matangazo yanavyozidi kuingia. Rudia mara tatu, uandike namba ya katikati. Kwenye kompyuta hii nimepata sekunde 9.

Tuanze na kizuia matangazo. Andika kwenye upau wa anwani:

```
chrome://extensions
```

Kizime, rudi kwenye ukurasa, pima tena mara tatu. Mimi nimepata sekunde 11. Umeona? Muda umeongezeka, kwa sababu matangazo yaliyokuwa yakizuiwa sasa yanapakuliwa yote. Basi huyu si mkosaji, mwashe. Kama kwako muda umepungua, angalia kama umeweka vizuia matangazo viwili. Kila kimoja hukagua kila ombi la ukurasa, kwa hiyo bakiza kimoja.

Sasa antivairasi. Bofya alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, kisha Connection is secure, halafu ufungue cheti. Soma Issued By. Ukikuta jina la antivairasi yako, ina maana inasimama katikati: inafungua mawasiliano yaliyofichwa, inayakagua, kisha inayafunga upya kwa cheti chake. Kazi hiyo inakula prosesa, na kompyuta ya zamani huilipia kwa sekunde.

Ingia kwenye antivairasi, tafuta ulinzi wa wavuti, usimamishe kwa dakika 10. Usizime antivairasi nzima. Katika dakika hizo usiingie benki wala usipakue faili. Funga Chrome kabisa na uifungue upya, la sivyo miunganisho ya zamani itaendelea kupita palepale. Fungua cheti tena: mtoaji akiwa amebadilika, ndipo upime.

Mimi nimepata sekunde 4. Tumempata.

Lakini siiachi imezimwa. Nimewasha ulinzi, nikasasisha antivairasi, kisha nikarudi kwenye orodha ya viendelezi. Humo nimekuta kiendelezi cha antivairasi hiyohiyo, kilichojiweka wakati wa kuisakinisha, kikikagua kurasa mara ya pili. Nimekiondoa, nikapima tena mara tatu na ulinzi ukiwa umewashwa: sekunde 5.