Tanzanaiti Mezani Kwako: Vipimo vya Nyumbani Vinaishia Wapi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jioni hii nitashika jiwe moja tu, tanzanaiti. Linachimbwa Mererani peke yake, toka lilipogunduliwa mwaka 1967, na hapa Arusha mtu anaweza kuuziwa mkononi, barabarani, na mtu asiyemjua. Ndiyo maana mnaniuliza kila mara: nitajuaje kama ni halisi nikiwa nyumbani?

Kwanza niwaombe mambo mawili msiyafanye. Msilichome jiwe kwa kiberiti, na msilikwaruze kwenye kioo. Tanzanaiti halisi hupasuka joto likibadilika ghafla, na ina upande mmoja ambao hugawanyika kirahisi ikigongwa. Ni kweli hukwaruza kioo, lakini mawe mengine mengi hukwaruza kioo vilevile. Utaliharibu jiwe zuri bila kujifunza chochote.

Kipimo kisicho na madhara ni cha rangi. Washa kompyuta ya mkononi yenye skrini ya LCD, ifungue ukurasa mweupe mtupu, kisha shika jiwe mbele yake na ulizungushe polepole, ukiangalia kwa jicho moja. Mwanga wa skrini hiyo hutetemeka katika uelekeo mmoja, kwa hiyo tanzanaiti itabadilika kutoka buluu kwenda zambarau na kurudi. Lijaribu kwa pande kadhaa, maana kuna pande ambazo mabadiliko hayaonekani. Kioo cha rangi hakibadiliki hata kidogo. Basi, jiwe likikataa kubadilika kwa pande zote, lirudishe kwa mwenyewe.

Je, likibadilika? Hapo ndipo watu wanapofurahi mapema. Ayolaiti, jiwe la asili la bei ndogo zaidi, nayo hubadilika. Fosteraiti ya kutengenezwa kiwandani, inayouzwa kama tanzanaiti, nayo hubadilika.

Twende kwenye mizani, kwa sababu hapa nataka tuhesabu pamoja. Chukua mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01. Pima jiwe likiwa kavu. Tuseme ni karati 10, yaani gramu 2.00. Sasa weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu lining'inize jiwe kwa uzi mwembamba mpaka lizame lote bila kugusa chini wala ukingo. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa 2.00 kwa namba hiyo. Tanzanaiti ni nzito mara 3.35 kuliko maji ya ujazo uleule, kwa hiyo mizani itasoma karibu 0.60. Ayolaiti, ambayo ni mara 2.6 hivi, itasoma 0.77. Tofauti hiyo haifichiki, ayolaiti imekamatwa.

Lakini fosteraiti ni mara 3.2 na kidogo. Mizani yako itasoma kama 0.62. Tofauti na tanzanaiti ni gramu 0.02 tu, na kiputo cha hewa kilichonata kwenye jiwe, au uzi uliozama zaidi, vinatosha kuleta tofauti hiyo. Unaweza kupunguza viputo kwa kutia tone la sabuni kwenye maji, ila mizani ya nyumbani haitakupa uhakika hapo.

Na jiwe la karati 1, ambalo ndilo wengi mnanunua? Lina gramu 0.20. Maji yatasoma 0.06. Mizani ikikosea kwa 0.01 tu, ukigawa utapata 4.00 au 2.86. Hesabu hiyo haikwambii kitu.

Kuna ndugu ameuliza kuhusu lenzi ya mkononi, ile inayokuza mara 10. Swali zuri, maana ndicho kifaa ninachokipenda zaidi. Angalia kupitia uso wa juu wa jiwe hadi kingo za nyuma. Kwenye fosteraiti kingo hizo huonekana mbili mbili waziwazi; kwenye tanzanaiti mara chache utaona hivyo. Viputo vya mviringo ndani ni dalili kubwa ya kioo. Hata hivyo fosteraiti nayo ina uelekeo ambao kingo hazigawanyiki, na jiwe likiwa dogo mgawanyiko ni wa kutafuta kwa shida. Usipouona, hujathibitisha chochote.

Katika maabara, mfano Kituo cha Jemolojia Tanzania hapa Arusha, mtaalamu hulaza jiwe kwenye chombo kinachopima jinsi linavyopinda mwanga. Tanzanaiti husoma 1.69 hadi 1.70, fosteraiti husoma chini ya hapo, kati ya 1.63 na 1.67. Kazi ya dakika chache. Ila mwambieni pia akague kingo kwa hadubini, kwa sababu kuna tanzanaiti halisi, rangi yake hafifu, iliyopakwa utando mwembamba wa rangi. Hiyo hupita vipimo vyote nilivyotaja, na utando hujulikana kirahisi zaidi pale unapoanza kuchubuka kwenye kingo.