Mpangaji Hana Hati ya Mshahara: Soma Taarifa ya Akaunti

DADA: Karibuni tena. Leo tupo na wenye nyumba. Amekuja mtu anataka kupanga, umemwomba hati ya mshahara, anakwambia amejiajiri. Kaka, hapo wengi wanamkatalia papo hapo.

KAKA: Na wanakosa wapangaji wazuri sana. Hati ya mshahara inakuonyesha alicholipwa, basi. Taarifa ya akaunti ya miezi sita, ya benki au ya pesa za simu, inakuonyesha anaingiza nini na anatumiaje. Shida ni kwamba watu wanaangalia jumla ya pesa zilizoingia, wanadhani ndiyo kipato.

DADA: Kumbe siyo?

KAKA: Hata kidogo. Chukua mfano wa fundi cherehani. Kodi ya nyumba tuiite 100 kwa mwezi, uweke sarafu yako mwenyewe. Taarifa inasema kwa wastani huingiza 620 kwa mwezi. Ukiishia hapo utasema huyu ana uwezo mara sita. Sasa pitia mstari kwa mstari. Kuna mkopo wa 360 uliingia mwezi wa tatu. Ukiugawa kwa miezi sita ni 60. Mkopo ni deni, kwa hiyo utoe. Halafu kuna 90 kila mwezi anazohamisha kutoka akaunti yake nyingine. Hizo ni pesa zilezile zinazunguka, zitoe nazo.

DADA: Tumebaki na 470.

KAKA: Ndiyo, ila hayo bado ni mauzo. Angalia upande wa pesa zinazotoka: kila wiki analipa muuza vitambaa, kwa mwezi inafika 170. Ukiondoa, mkononi zinabaki 300. Kodi inakula theluthi moja, na theluthi ndiyo kipimo ambacho wenye nyumba wengi hukitumia.

DADA: Lakini huo ni wastani, kaka. Fundi ana misimu. Kuna mwezi wa sherehe na kuna mwezi mkavu.

KAKA: Hapo ndipo pa kukaa zaidi. Tuseme mwezi wake mbaya kuliko yote ulibaki na 210. Kodi ni karibu nusu ya hiyo. Kabla hujasema hapana, tafuta kwenye mwezi huohuo malipo ya kodi anakoishi sasa. Kama alilipa kwa tarehe yake kama kawaida, na kiasi chenyewe kinakaribia hicho chako, basi ameshakuonyesha anavyovuka mwezi mgumu. Mimi nauamini mstari huo kuliko barua yoyote. Na kazi ikiwa ya msimu kweli, omba miezi 12, maana sita inaweza kuangukia upande wa neema peke yake.

DADA: Na taarifa za kughushi? Siku hizi mtu anabadilisha tarakimu kwenye simu tu.

KAKA: Usipokee picha ya skrini. Mwombe aifungue programu mbele yako, au aitume benki moja kwa moja. Ukiletewa karatasi, fanya hesabu ya salio: anza na salio la tarehe ya nyuma, jumlisha kilichoingia kwenye muamala unaofuata, au toa kilichotoka, lazima upate salio la muamala huo. Anayeghushi hubadilisha kiasi kilichoingia akasahau kurekebisha salio zote zinazofuata. Jaribu mistari kumi hivi, hasa yenye pesa nyingi. Halafu angalia wiki mbili za mwisho. Kama akaunti ilikuwa kimya, ghafla likaingia fungu kubwa siku chache kabla hajaja kwako, muulize limetoka wapi.

DADA: Kwa upole lakini. Huenda kauza pikipiki.

KAKA: Huenda, na karatasi ya mauzo atakuwa nayo.

DADA: Mwenye nyumba wake wa sasa tumpigie?

KAKA: Mpigie, ila kumbuka anaweza kumsifu ili aondoke. Wa kabla yake hana cha kupoteza. Usimuulize kama ni mtu mzuri. Muulize kodi ilikuwa ikiingia tarehe ngapi, na kama angempangisha tena.

DADA: Mimi naongeza hili, na nalisema kwa uchungu. Taarifa ya akaunti ina maisha ya mtu: hospitali, ada, majina ya ndugu. Mruhusu afiche majina yasiyohusu biashara wala kodi. Ukimaliza, mrudishie au uchane. Na kipimo ulichomwekea fundi, kiweke pia kwa mwenye mshahara.

KAKA: Kweli kabisa, dada.

DADA: Na yule ambaye pesa zake hazipiti popote, taslimu tupu?

KAKA: Huyo omba daftari la mauzo pamoja na risiti za manunuzi ya mali, uzilinganishe. Daftari anaandika mwenyewe, risiti inaandikwa na mtu mwingine. Akidai mauzo yamepanda maradufu na manunuzi hayajasogea, hesabu haiingii. Ukibaki na wasiwasi, omba mdhamini, na kipato cha mdhamini ukikague vilevile.