Mtumwa Nyuma ya Jemadari: Mhadhara Kuhusu Memento Mori

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya maneno mawili ya Kilatini, memento mori, yaani kumbuka kwamba utakufa. Siku hizi mtayakuta kwenye pete, kwenye chale za mikononi, kwenye sarafu zinazouzwa mtandaoni, na kwenye video za vijana wanaohimizana kuamka alfajiri. Sitaweza kupita kila mahali maneno haya yalikopita. Nataka tufuatilie swali moja tu: anayekumbusha ni nani, na anamkumbusha nani?

Wengi wenu mmeisikia hadithi ya Roma. Jemadari amerudi kutoka vitani na ushindi, amepanda gari la farasi wanne, mji mzima umejipanga barabarani unamshangilia. Nyuma yake kasimama mtumwa, anamnong'oneza: memento mori, memento mori. Hadithi hiyo ina kweli ndani yake, ila si yote. Mtumwa alikuwepo. Yuvenali, mshairi wa Kirumi aliyezoea kukejeli wakubwa, anamtaja mtumwa wa umma aliyepanda gari moja na mkubwa wa gwaride ili bwana yule asijione sana. Maneno yenyewe tunayapata kwa Tertuliani, Mkristo wa Kartago, mji uliokuwa hapo ilipo Tunisia ya leo. Mnamo mwaka 197 aliandika kitabu cha kuwatetea Wakristo, na ndani yake anasema kwamba mshindi, hata akiwa juu ya gari lake, huambiwa kutoka nyuma: tazama nyuma yako, kumbuka kwamba wewe ni mtu. Hakuna memento mori hapo. Kinachokumbushwa ni ubinadamu, na kifo kimo ndani yake.

Kwa nini Tertuliani alilileta jambo hili? Wakristo walishtakiwa kwa kukataa kumwita kaisari mungu. Naye akajibu: hata ninyi wenyewe, siku ya fahari yenu kuu, mnamwambia kwamba ni mtu. Halafu anaongeza jambo ambalo wanaonukuu huliruka. Anasema mshindi huyo huzidi kufurahi, kwa sababu amefikia utukufu mkubwa kiasi cha kuhitaji kukumbushwa hali yake. Hebu lifikirieni hilo. Onyo lenyewe limekuwa pambo la gwaride. Nadhani Tertuliani aliuona hapo udhaifu wa desturi nzima: mtu anaweza kuambiwa atakufa na akatoka amevimba kichwa zaidi.

Kanisa lililichukua jambo hili kwa namna nyingine. Walio Wakatoliki humu ndani wanaijua vizuri Jumatano ya Majivu. Matawi ya mitende ya mwaka uliopita huchomwa, majivu yake yakabarikiwa, kisha kila mmoja akapita mbele kupakwa na kuambiwa maneno yaliyotoka kitabu cha Mwanzo, sura ya 3: u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi. Hapa hakuna gari wala jemadari. Mstari ni mmoja, mwenye duka na kibarua wake wamo, na padri naye hupakwa. Isitoshe, yale majivu ni mlango wa kuingilia siku 40 za toba, kwa hiyo ukumbusho una kazi maalumu: jiandae, kuna hukumu.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hasa. Ni picha moja iliyoko London, katika Jumba la Taifa la Picha, iliyochorwa na Mjerumani Hans Holbein mwaka 1533. Huitwa Mabalozi. Ni kubwa, ina zaidi kidogo ya mita mbili kila upande, na imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni. Wanaume wawili wamesimama, kila mmoja amegemea upande wake wa kabati la wazi lenye rafu mbili. Wa kushoto ni Jean de Dinteville, balozi wa mfalme wa Ufaransa kwa Henri wa Nane wa Uingereza. Wa kulia ni rafiki yake Georges de Selve, askofu, aliyekuja kumtembelea. Holbein ameandika umri wao ndani ya picha: kwenye ala ya jambia la balozi kuna namba 29, na kwenye kitabu alichokiegemea askofu kuna 25. Vijana kabisa, wenye vyeo, wenye manyoya ya thamani mabegani.

Katikati yao vimepangwa vitu vya elimu ya wakati ule. Rafu ya juu ina tufe la anga, saa za jua na vyombo vya kupimia nyota. Ya chini ina tufe la dunia, kitabu cha hesabu cha wafanyabiashara, kitabu cha nyimbo za Kilutheri, na ala ya nyuzi ambayo asili yake ni udi uleule tunaousikia kwenye taarabu. Uzi wake mmoja umekatika. Mwaka 1533 ndio mwaka Henri alipomtangaza Anne Boleyn hadharani kuwa mkewe na malkia bila ridhaa ya Papa, na Dinteville alikuwa palepale akiyatazama hayo kwa niaba ya mfalme wake. Wengi huusoma uzi huo kama mfarakano wa makanisa, na sioni sababu ya kuwapinga.

Lakini chini, mbele ya miguu yao, kuna kitu cha ajabu. Kinaonekana kama ubao mrefu wa rangi ya kijivu uliolala kwa mshazari, unapanda kutoka kushoto kwenda kulia, wala haufanani na chochote kingine pichani. Ukisimama mbele ya picha, huwezi kujua ni nini. Ukisogea hadi upande wa kulia, ukakaribia ukuta na kuitazama picha kwa ubavu, ule ubao unajikusanya na kuwa fuvu la binadamu.

Kanuni yake inaeleweka. Chora fuvu ndani ya miraba midogo. Kisha chora miraba hiyo upya, safari hii imevutwa kwa urefu mara kadhaa, na uhamishe kila kipande cha fuvu kwenye mraba wake uliovutwa. Kwa kuwa kitu kinachotazamwa kwa ubavu huonekana kimefupika, jicho linaurudisha urefu ule mahali pake. Mnaweza kujaribu wenyewe leo usiku. Ifungue picha kwenye simu, iinamishe simu mpaka iwe karibu sawa na jicho lako, na uitazame kutokea ukingo wa kulia. Ukikosea pembe utaona kitu kama yai lililopondeka, hivyo endelea kuigeuza taratibu.

Kinachonigusa mimi ni kile kinachowapata wale mabalozi wakati huo. Fuvu linapokaa sawa, wao wanabanwa na kuwa michirizi. Nyuso zao, manyoya, matufe na vitabu vyote havisomeki tena. Ukirudi katikati, wao wanarudi na fuvu linapotea. Hakuna mahali pa kusimama utakapoviona vyote viwili vikiwa sawasawa. Wachoraji wengine wa Ulaya waliweka fuvu mezani, kando ya mshumaa na maua, ukaliona kwa mtupo mmoja wa jicho na kupita zako. Uholanzi ya karne ya 17 ilijaa picha za namna hiyo, na nyingi ni nzuri mno kiasi kwamba fuvu linakuwa mapambo. Holbein amekulazimisha utembee. Ukumbusho wake hauingii kichwani mpaka miguu iondoke mahali ilipokuwa imeridhika.

Kuna vitu viwili vidogo vya kuongezea. Kwenye kofia ya Dinteville kuna beji yenye fuvu, kwa hiyo ukumbusho huu mwenyewe aliutaka na kuuvaa. Na juu kabisa, pembeni kushoto, nyuma ya pazia la kijani, umejificha nusu msalaba wenye sanamu ya Yesu. Ukiukosa huo, utasema picha inaishia kwenye fuvu. Aliyeiagiza alikuwa Mkristo wa mwaka 1533, na kwake fuvu halikuwa neno la mwisho. De Selve alifariki mwaka 1541, akiwa na takriban miaka 32 au 33. Holbein alimfuata mwaka 1543, London. Dinteville aliishi hadi 1555.

Turudi kwenye zile sarafu na video. Wanaozitumia siku hizi husema wanafuata Wastoa, wanafalsafa wa kale, na wana haki ya kusema hivyo, kwa maana Seneka na Marko Aurelio waliandika sana juu ya kifo. Mwaka 2005 Steve Jobs aliwaambia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kwamba kukumbuka kifo ndicho chombo kikubwa kilichomsaidia kuamua mambo makubwa maishani. Tangu hapo sauti hiyo imeenea: utakufa, kwa hiyo usipoteze muda, anzisha biashara, acha kazi usiyoipenda. Siubezi ushauri huo, umewasaidia watu. Ila oneni kilichobadilika. Mtumwa ameshuka garini, padri hayupo, na mchoraji hakulazimishi kusogea. Jemadari anajinong'oneza mwenyewe, na anachojikumbusha ni mipango yake.

Epikteto asingelikubali hilo. Huyu ni Mstoa aliyewahi kuwa mtumwa, na aliishi kabla ya Tertuliani. Naye anawataja wale wanaosimama nyuma ya majemadari siku ya ushindi na kuwakumbusha kwamba ni watu. Kisha anasema: nawe jikumbushe vivyo hivyo kwamba unayempenda ni wa kufa, si mali yako, umepewa kwa sasa, kama tini au zabibu katika msimu wake, na ukimtamani wakati wa kipupwe umekosa akili. Anakwenda mbali zaidi. Anauliza kuna ubaya gani, unapombusu mwanao, kusema kimoyomoyo: kesho utakufa.

Naona sura zenu. Mama pale ametikisa kichwa, na ningeshangaa asingetikisa. Kwetu huo ni uchuro, mtoto hachuriwi. Basi jueni kwamba pingamizi hilo Epikteto mwenyewe analitaja: maneno hayo ni ya mkosi. Akajibu kwamba yenye mkosi ni yale yanayotaja uovu halisi, kama woga na kukosa haya; je, tuseme ni mkosi pia kutaja kwamba masuke ya ngano yatavunwa, au majani yataanguka, au tini mbichi itakauka?

Mimi bado siwezi kumnong'onezea mtoto maneno hayo, na sidhani nitaweza. Lakini nusu hii ya fundisho, ile inayomhusu mtu mwingine na siyo ratiba yangu, sijaiona kwenye sarafu hata moja. Karibuni maswali.