Simba ni Rahisi, Kazi Iko kwa Kiboko: Kuwapanga Wanyama kwa Makazi na Chakula, Darasa la Tatu

Walimu wenzangu, habari za mchana. Mliopata karatasi naomba msizigeuze kwanza. Majibu yako nyuma, na nyie nawajua.

Nimeombwa nizungumzie somo ambalo wengi wetu tunaliona jepesi: mnyama huyu anaishi wapi, mnyama yule anakula nini. Tunaandika ubaoni simba, ng'ombe, papa na twiga, watoto wanajibu kwa sauti moja, kipindi kinaisha. Lakini mtoto wa miaka minane wa huku kwetu, kati ya Bagamoyo na Saadani, alikwishajua kwamba simba anakula nyama kabla hajaingia darasani. Hapo hatujamfundisha kupanga, tumemwambia ataje anachokijua. Kupanga kunaanza pale mnyama anapogoma kuingia kwenye kisanduku, mtoto akalazimika kutafuta sababu ya kumweka hapa asimweke pale. Ndiyo maana leo nitakaa sana kwa kiboko.

Kwanza kuna jambo la chati zetu. Nyingi zina safu tatu za makazi: nchi kavu, majini na angani. Mimi hiyo ya angani nimeifuta. Ndege na popo wanapita angani, lakini kulala wanalala mtini, kwenye paa au pangoni, na makinda wanayalea huko huko. Mtoto akiandika kwamba mwewe anaishi angani, ametaja anavyosafiri. Nafasi hiyo nimeipa safu nyingine, "kote kuwili", kwa wale wanaogawana siku yao kati ya maji na nchi kavu.

Safu hiyo ina hatari yake. Usipoipa masharti, kila mnyama ataingia humo, maana hata ng'ombe hushuka mtoni kunywa. Kwa hiyo watoto nawapa swali moja tu la makazi: "Ukimfuatilia mnyama huyu mchana na usiku wa siku ya kawaida, utamkuta wapi?" Siku ya kawaida, siyo siku ya kutaga mayai wala siku ya mafuriko. Ng'ombe utamkuta nchi kavu, mtoni alipita tu. Kasa utamkuta baharini. Jike hupanda ufukweni kutaga, kama wanavyofanya pale Madete ndani ya hifadhi ya Saadani, kisha hurudi majini usiku huo huo, na dume akishaingia baharini akiwa mchanga kwa kawaida hakanyagi tena mchanga. Mtoto akibisha kwamba kasa ni wa kote kuwili kwa sababu anazaliwa nchi kavu, msimkatalie kwa ukali. Ametoa sababu, na sababu yake ina uzito. Mrudishieni swali la siku ya kawaida, yeye mwenyewe atamhamisha.

Swali la chakula nalo ni moja: "Kila siku tumboni mwake kinaingia nini?" Hapa pana mtego unaotokana na jikoni. Kwa mtoto wa pwani, nyama ni ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kuku. Samaki ni samaki, na panzi hata hamhesabu. Ukiandika safu "wanaokula nyama", chura anayemeza wadudu usiku kucha hatawekwa humo, na mdiria anayekula samaki pia atabaki nje. Karatasi yangu inasema "wanyama wengine", halafu kabla ya kuanza nawaambia kwamba mdudu, samaki na konokono wote ni wanyama. Sentensi hiyo moja inaondoa karibu nusu ya makosa.

Sasa kiboko. Karibu darasa zima litasema anakula nyama, wengine watasema anakula watu. Ukiwauliza sababu, wanakuonyesha meno. Na kweli, yale meno marefu ya pembeni yanatisha, lakini ni ya kupigania, hasa madume wakigombea eneo lao la maji. Kiboko anaua watu, hilo watoto wa kando ya Mto Wami wanalijua na tusilifiche, ila hawali. Nawauliza: "Nani kwao wana shamba la mpunga karibu na mto?" Mikono inapanda. "Kiboko akiingia asubuhi mnakuta nini?" Wanajibu wenyewe: mpunga umekatwa chini kabisa, nyayo pana kila mahali, na kinyesi kimejaa vipande vya majani. Hapo nanyamaza. Mtoto anaanza kukunja uso, kwa sababu meno yanasema jambo moja na shamba linasema lingine, naye inambidi achague ushahidi. Kinachoingia tumboni kila siku kinaonekana shambani na kwenye kinyesi. Kiboko mkubwa anaweza kula majani ya kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, akiyakata kwa midomo yake mipana wala siyo kwa yale meno marefu.

Makazi yake nayo yanatoka kwenye habari hiyo hiyo. Mchana anajizamisha kwa sababu ngozi yake inakauka upesi juani. Jua likizama anatoka, anatembea hata kilometa kadhaa kutafuta nyasi, na kabla ya kupambazuka anarudi. Umfuatilie mchana na usiku utamkuta pote pawili: kote kuwili, mimea. Mtoto aliyefika hapo kwa hatua hizo ataweza kumpanga hata mnyama ambaye hajafundishwa.

Basi geuzeni karatasi. Nimetumia wanyama kumi na wawili, maana wakizidi hapo mtoto wa umri huu anachoka na kuanza kukisia. Kila mtoto aandike kwa penseli, atahama-hama.

KAZI YA KUPANGA WANYAMA

Jina: ____________  Darasa: ______

Wanyama wetu: ng'ombe, simba, kuku, nyani, kiboko, mamba, kasa wa kijani mkubwa, papa, kambare, chura mkubwa, popo wa maembe, kaa wa pwani.

1. Siku ya kawaida, mchana na usiku, mnyama huyu utamkuta wapi? Chora duara kwa wa nchi kavu, mstari chini kwa wa majini, duara na mstari kwa wa kote kuwili.

2. Kila siku anakula nini? Andika jina la kila mnyama kwenye kisanduku chake.

| | Nchi kavu | Majini | Kote kuwili |
|---|---|---|---|
| Mimea | | | |
| Wanyama wengine | | | |
| Vyote | | | |

3. Chagua mnyama mmoja aliyekusumbua. Maliza sentensi: "Nimemweka ______ hapa kwa sababu ______."

4. Ongeza mnyama mmoja uliyemwona wewe mwenyewe wiki hii.

Majibu yangu ni haya. Nchi kavu: ng'ombe na popo wa maembe wanakula mimea, simba wanyama wengine, kuku na nyani vyote. Majini: kasa wa kijani mkubwa anakula nyasi za baharini, papa anakula wanyama wengine, kambare vyote. Kote kuwili: kiboko mimea, mamba na chura mkubwa wanyama wengine, kaa vyote, maana anaokota mizoga, viumbe wadogo na mwani.

Mmeona nimeandika kasa "mkubwa" na chura "mkubwa". Siyo mapambo. Kiluwiluwi yuko majini tu na mara nyingi anakwangua mwani kwenye mawe, kisha anageuka chura na kuanza kuvizia wadudu. Kasa wa kijani naye akiwa mdogo anakula zaidi viumbe vidogo vya baharini, majani anayahamia akikua. Usipotaja umri, mtoto mwenye macho makali atakushinda, na atakuwa amekushinda kwa haki. Vivyo hivyo popo: wapo wengi wanaokula wadudu, ndiyo maana nimemtaja wa maembe.

Namba 1 na namba 2 nimezitenganisha kwa makusudi. Ukimpa mtoto jedwali moja kwa moja, maswali mawili yanachanganyika kichwani, na utasoma majibu kama "papa anaishi majini, kwa hiyo anakula majani ya majini". Kosa hilo utaligundua haraka: safu nzima ya majini itakuwa imejazwa kwenye mstari mmoja. Ukiliona, chukua jedwali, waambie wafanye makazi tu darasa zima, kisha waanze chakula upya. Mtoto ambaye visanduku vyake ni sahihi lakini namba 3 ameacha wazi, huyo huenda amenakili kwa jirani. Mimi nasahihisha namba 3 kwanza.

Kwa dakika 40, msitumie zaidi ya kumi kwa kiboko ubaoni. Mwenye darasa la watoto tisini, wakate majina kwenye vipande vya karatasi ya manila, kundi la watoto sita lipate seti moja, jedwali lichorwe sakafuni kwa chaki. Kubishana kwao ndiyo kazi yenyewe, kelele zivumilieni.

Naona mkono kule nyuma... Ndiyo, mwalimu. Anauliza: mtoto akisema ng'ombe anakula mifupa kwa sababu amemwona akitafuna, je? Swali zuri, maana wafugaji wanaliona sana. Ng'ombe hutafuna mfupa anapokosa madini fulani kwenye malisho, hasa fosforasi. Anatafuta chumvichumvi za mwili, hajageuka mla wanyama. Rudini kwenye "kila siku". Na mkiwa na ng'ombe karibu, mfungueni mdomo watoto waone: mbele juu hana meno, ana ufizi mgumu tu. Ulimi unavuta majani, meno ya chini yanakatia kwenye ufizi huo.

Na mwalimu huyu hapa mbele? Paka anayekula ugali na dagaa, tumweke wapi? Hili litakuja kwenye namba 4, jiandaeni, kwa sababu kila nyumba ina paka. Ugali anaula kwa kuwa umelowa mchuzi wa dagaa. Mwili wake unahitaji vitu ambavyo hauwezi kujitengenezea na anavipata kwenye nyama tu, kwa hiyo paka anaingia na simba. Mbwa ni habari nyingine: ameishi na binadamu muda mrefu, na tumbo lake linameng'enya wanga vizuri kuliko la mbwa mwitu. Mbwa namwandika kwenye "vyote", na mtoto akimweka kwa simba akanipa sababu ya meno yake, alama nampa.